Wanadaiwa 186,000, na kamati imegawanyika: tuwakatie umeme au tuwasamehe?

*Mshauri, asalaam aleykum. Mimi ni katibu wa kamati ya umeme wa sola wa kijiji chetu, pwani ya Pangani. Mita zetu si za LUKU. Tunasoma mwisho wa mwezi, mtu analipa baadaye. Yuniti ni shilingi 500 na kila nyumba inachangia huduma 3,000 kwa mwezi. Kuna nyumba moja haijalipa kuanzia Aprili mpaka Septemba. Baba ni baharia kwenye chombo cha dagaa, mama anauza barafu za ukwaju. Walinunua friza mwezi wa pili. Kabla ya friza walikuwa wakitumia yuniti 12 hivi kwa mwezi. Mwisho wa Machi mita ilisoma 1,412, mwisho wa Septemba 1,688. Daftari linaonyesha wanadaiwa 186,000, pamoja na faini ya 5,000 kila mwezi ambayo kamati iliipitisha kwenye kikao cha Mei. Wajumbe watatu wanataka wakatiwe kesho, maana mfuko wa betri unakauka. Wawili wanasema wasamehewe, bahari ilikuwa mbaya. Nimepewa kazi ya kuandika barua na sijui niandike nini. Wapo wengine wanne wanaodaiwa, nao wanasubiri kuona.*

*Katibu, Pangani*

Wa aleykum salaam, Katibu. Barua utaipata hapa chini, lakini usiiandike kwanza. Chukua daftari na kikokotoo, ukae na hesabu, kwa sababu 186,000 si deni la nyumba hiyo.

1,688 ukitoa 1,412 unabaki na yuniti 276. Zidisha kwa 500, ni 138,000. Ongeza huduma ya miezi sita, 18,000. Jumla 156,000. Zile 30,000 zilizobaki ni faini, na faini hiyo ina kasoro mbili. Iliamuliwa na kamati, si na mkutano wa watumiaji. Tena iliamuliwa Mei, ikatozwa kuanzia Aprili. Mtu hawezi kuadhibiwa kwa kanuni ambayo siku anakosea haikuwapo. Ifuteni, na muifute kwa wote watano mliowatoza, siku moja, kwa muhtasari mmoja wa kikao. Mkiifuta kwa nyumba moja tu mtakuwa mmeanzisha ugomvi mwingine. Kama mnaona faini inahitajika, ipelekeni kwenye mkutano, ipitishwe, ianze mwezi unaofuata.

La pili, hakikisheni kwamba hizo yuniti 276 kweli wamezitumia wao. Mwende na fundi, mwenye nyumba akiwepo. Juu ya mita kuna kitaa chekundu kinachomekameka, na pembeni yake pameandikwa kama `1000 imp/kWh`, maana yake kikimeka mara elfu moja imekwenda yuniti moja. Chomoeni kila kitu, taa zote zizimwe, mkae dakika kumi mnakitazama. Kikiendelea kumeka, umeme unakwenda mahali: ama waya umechubuka, ama kuna mstari umevutwa kwenda kwa jirani. Kikitulia, chomekeni friza peke yake. Friza ya kawaida ya nyumbani mota yake ikinguruma inakula wati 100 hadi 150, kwa hiyo kwenye mita ya 1000 kitaa kitameka kila baada ya sekunde 24 hadi 36. Kikiendelea kumeka kwa kasi zaidi ya hapo, huenda friza ina tatizo, na tatizo hilo mnalijua sasa kabla ya kutia saini makubaliano yatakayowashinda.

Mkiwa hapohapo, bana karatasi kwenye mlango wa friza kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka, ubaridi unavuja mchana na usiku na mota haipumziki. Mpira huo unabadilishwa, na fundi wa friza Pangani mjini au Tanga anaujua.

Kwa hesabu zako sioni dalili ya wizi. Yuniti 276 kwa miezi sita ni 46 kwa mwezi. Toa 12 za zamani, friza inabaki na 34, yaani yuniti moja na kitu kwa siku. Kwa joto la pwani hiyo ni friza nzima inayofanya kazi yake. Kwa hiyo tatizo lenu si mita. Nyumba imeongeza mzigo wa 17,000 kila mwezi kwa ajili ya biashara, kisha msimu wa kusi ukaingia na hela ikakatika pande zote mbili.

Sasa twende kwenye lenyewe. Kamati nyingi zikiandika mpango wa kulipa huchukua deni, hugawa kwa miezi sita, huandika “kila tarehe 30”. Hapo kwenu itakuwa 26,000 ya deni juu ya bili mpya ya 26,000, maana yuniti 46 kwa 500 ni 23,000 na huduma 3,000. Mnawataka watu walioshindwa 26,000 walipe 52,000, tena siku ambayo hela haipo. Mwezi wa kwanza watakopa walipe, wa pili watapunguza, wa tatu mtarudi kwenye kikao mkiwa mmekasirika zaidi. Na nyumba iliyobanwa hivyo ndiyo siku moja fundi wa mtaani anaitwa usiku kuchepusha waya kabla ya mita.

Nyumba hiyo ina mifuko miwili, na kila mmoja una siku zake. Mama anapata hela ndogondogo kila siku. Baba hapati kila siku wala kila mwisho wa mwezi. Anapata kwa giza. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa haivuti dagaa mbalamwezi ikiwa juu. Vyombo vinatoka siku za giza, na mbalamwezi ikiingia watu wanakaa nchi kavu, wanashona nyavu, hesabu inafungwa, kila baharia anapewa mgawo wake. Siku ya kumdai ni hiyo. Ukimfuata tarehe 30 ya kalenda ya ukutani, safari moja utamkuta na hela, safari nyingine utamkuta katikati ya giza hana hata ya sigara, kwa kuwa mwezi wa angani una siku 29 au 30 na kalenda yako inazidi kuuacha. Tumieni tarehe ya mwezi mwandamo. Tarehe 12 inafaa, na hakuna mtu Pangani asiyeijua. Lakini muulizeni yeye kwanza, maana kila chombo kina desturi yake ya kugawa.

Ndiyo maana bili mpya ilipwe na mfuko wa mama, kidogokidogo kila wiki, na deni la zamani lilipwe na mfuko wa baba, kila mwisho wa giza. Kwenye daftari fungua kurasa mbili. Hela ya wiki isiingie kamwe kwenye deni la zamani, hata kama imezidi. Iliyozidi isogee bili ya wiki inayofuata. Mkichanganya, mama analipa kila wiki na bado kila mwezi anaambiwa unadaiwa, mpaka anakata tamaa anaacha.

Je, mama ataweza? Muulizeni anauza barafu ngapi. Akiuza kwa shilingi 100, anahitaji barafu 170 kwa mwezi kulipia umeme wa friza tu, kama sita kwa siku, kabla ya sukari, ukwaju na mifuko. Anayeuza thelathini kwa siku friza inamlipa. Anayeuza kumi inamnyonya, na hapo ushauri wa kweli ni kuichomoa wiki zile ambazo hazina mauzo. Kusi likivuma na watoto hawataki baridi, friza iliyojaa nusu inakula umeme karibu sawa na iliyojaa. Akiichomoa nusu ya mwezi bili inashuka kutoka 26,000 hadi 17,500. Sijaona njia nyingine ya kupunguza inayokaribia hiyo. Wapo watakaomwambia azime usiku na kuwasha mchana. Kwa betri zenu ni jambo jema sana, kwa kuwa mchana jua linaizungusha friza moja kwa moja na usiku betri inapumua. Ila yeye bili yake haitashuka sana, maana joto lililoingia usiku lazima liondolewe asubuhi. Mwombeni afanye hivyo kwa faida ya mradi, lakini msimuahidi kwamba ndiyo itakayolipa deni.

Deni lenyewe ligaweni kwa misimu. Kaskazi bahari inatulia, vyombo vinatoka, hapo mzigo uwe mkubwa: giza tano za mwanzo, kuanzia Novemba, 20,000 kila moja. Hiyo ni 100,000. Kusi likirudi, giza saba za 8,000, ndiyo 56,000. Mnamaliza 156,000 ndani ya mwaka mmoja, na muda wote wa kusi hamdai deni zaidi ya 8,000 kwa giza. Wajumbe wanaotaka wakate kesho waonyesheni upande wa pili: mkikata, hizo 156,000 hamzipati, na zile 26,000 za kila mwezi nazo zinakoma. Mfuko wa betri hautajazwa na nyumba yenye giza. Na wanaotaka kusamehe waulizeni nani atalipia. Kila yuniti iliyosamehewa itanunuliwa na nyumba zilizokula ugali bila mboga ili zilipe kwa wakati.

Barua mwandikieni baba na mama wote wawili, hata kama mita ina jina la baba. Friza ni ya mama, na yeye ndiye atakayeleta hela kila wiki. Ipelekeni nyumbani baada ya alasiri, wewe na mjumbe mwanamke mmoja, muisome pamoja, muwaachie siku saba za kuijibu. Majina ya wadaiwa msiyabandike dukani wala kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.

Hii hapa rasimu. Jaza majina, irekebishe kwa lugha yenu.

KAMATI YA UMEME YA KIJIJI
S.L.P. ______, PANGANI
Tarehe ______

Bw. ______ na Bi. ______,
Kitongoji cha ______

YAH: MPANGO WA KULIPA DENI LA UMEME, APRILI HADI SEPTEMBA

Asalaam aleykum.

Kamati imepitia upya hesabu ya nyumba yenu. Mita ilisoma 1,412 mwisho wa Machi na 1,688 mwisho wa Septemba, yaani yuniti 276. Kwa bei ya shilingi 500 ni 138,000. Mchango wa huduma wa miezi sita ni 18,000. Deni lenu ni shilingi 156,000. Faini ya 30,000 iliyokuwa imeandikwa imefutwa, kwenu na kwa wengine wote waliotozwa, kwa kuwa haikupitishwa na mkutano wa watumiaji.

Mita yenu imepimwa na fundi mbele yenu tarehe ______. Kama bado mna shaka na usomaji, tuambieni kabla ya kutia saini. Itapimwa tena bila malipo.

Tunajua kwamba msimu wa kusi kipato kilipungua. Tunajua pia kwamba betri za mradi zinanunuliwa kwa hela ya bili hizi na si nyingine. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo, na tunaomba mtuambie lipi mnaliweza na lipi hapana.

Bili mpya italipwa kidogokidogo. Kila Ijumaa mtaleta kiasi mlichonacho, tunakadiria 6,500, na mwisho wa mwezi mita ikisomwa tutasawazisha. Mkipunguza matumizi, kiasi hicho nacho kitapungua.

Deni la 156,000 litawekwa ukurasa wake, halitaongezwa faini wala riba. Mtalilipa tarehe 12 ya kila mwezi mwandamo, au siku nyingine baada ya mgawo wa chombo mtakayoichagua: shilingi 20,000 kwa giza tano za kwanza, kuanzia Novemba, kisha 8,000 kwa giza saba zinazofuata. Mkiwa na zaidi, leteni. Giza za mwisho zitapungua.

Kila mkilipa mtapewa stakabadhi yenye kiasi kilicholipwa na deni lililobaki. Asiyepewa stakabadhi asitoe hela, hata kama anayepokea ni mjumbe wa kamati.

Chombo kisipotoka, kwa dhoruba, ugonjwa au msiba, mtujulishe kabla ya tarehe ya kulipa. Awamu hiyo itasogezwa mwisho wa mpango, wala haitahesabiwa kuwa mmekiuka. Nafasi hii ni ya mara mbili kwa mwaka.

Mkikosa awamu mbili mfululizo bila taarifa, au bili mpya ya mwezi mzima isipolipwa, tutawaita tuzungumze. Tusipoelewana, mtapewa notisi ya maandishi ya siku 14 kabla ya umeme kukatwa. Umeme hautakatwa Ijumaa, siku ya sikukuu, wala nyumba ikiwa na msiba. Utarudishwa siku mtakayolipa awamu zilizochelewa. Hatutadai deni lote kwa mkupuo.

Tunawaomba pia friza iwashwe asubuhi jua likishapanda na izimwe usiku, na ichomolewe kabisa wiki zisizo na biashara. Fundi wa mradi ataangalia mpira wa mlango bila malipo.

Msiporidhika na uamuzi wa kamati mnaweza kuupeleka kwenye mkutano wa watumiaji, na ikibidi EWURA.

Tunaomba jibu ndani ya siku saba. Mkikubali, mtatia saini nakala mbili, moja ibaki kwenu.

Wenu katika huduma,

Mwenyekiti ______ Katibu ______
Tumekubali: Bw. ______ Bi. ______
Shahidi ______

Mambo mawili kabla sijakuachia. Kipengele cha kusogeza awamu wajumbe wakali watakipinga. Msikitoe. Baharia asiyekuwa na ruhusa ya kusema “giza hili hatukutoka” hatasema. Atawakimbia tu, na nyinyi mtabaki mnakisia kama hana au hataki. Mkishamruhusu, ukimya wake ndiyo utawaonyesha tofauti, na hapo notisi ya siku 14 itakuwa ya haki mbele ya kijiji kizima.

Na wale wanne wengine wapeni barua hiyohiyo kwa masharti hayohayo, ila tarehe na viwango vifuate hela ya kila nyumba. Mwenye minazi alipe baada ya mnada wa nazi, mwalimu baada ya mshahara. Kama mmoja wao ni ndugu wa mjumbe, mjumbe huyo atoke kikaoni siku mpango wake unajadiliwa, na muhtasari uandike kwamba alitoka.